Ile dx ya Mwishoni Inafanya Kazi Gani?

Chukua pampu inayojaza tangi. Inapowashwa inasukuma maji kwa kasi ya lita 60 kwa dakika, lakini kadiri maji yanavyopanda ndiyo inavyozidi kulemewa. Tuseme kila dakika inayopita, kasi hiyo inapungua kwa lita 2 kwa dakika. Ikifika dakika ya 30, haisukumi tena hata tone. Je, kwa muda huo wote imeingiza lita ngapi?

Kasi ilianza 60 ikaishia sifuri, ikishuka kwa mwendo uleule mmoja, kwa hiyo wastani wake ni 30. Lita 30 kwa dakika, mara dakika 30, ni lita 900. Aliyesoma kalkulasi ataandika hivi:

∫ (60 − 2t) dt, kuanzia t = 0 hadi t = 30

naye atapata 900 vilevile. Sasa mpe mwenzake swali hilohilo, ila umwambie apime muda kwa sekunde. Akiwa mtu wa haraka, atakurudishia jibu la lita 54,000. Maji hayo yangejaza matangi 54 ya lita elfu moja moja, na pampu ni ileile. Mahesabu yake ya kuzidisha na kutoa hayana kasoro hata moja. Kilichomponza ni zile herufi mbili za mwishoni, dt, alizozichukulia kama nukta ya kufungia sentensi.

Katika vitabu vingi herufi hizo huandikwa dx, na wanafunzi wengi huzichukulia hivyohivyo: kitu kinachowekwa kwa sababu mwalimu ndivyo anavyoweka. Kumbe bila hizo, alama ya intigrali haina cha kujumlisha.

Upana wa kipande

Turudi kwenye pampu, tusahau kanuni kwa muda. Gawa dakika 30 katika vipande sita vya dakika tano tano. Katikati ya kipande cha kwanza kasi ni lita 55 kwa dakika, katikati ya cha pili ni 45, kisha 35, 25, 15 na 5. Kipande cha kwanza kimeingiza lita 55 kwa dakika mara dakika 5, yaani lita 275. Cha pili lita 225, halafu 175, 125, 75 na 25. Jumlisha zote: lita 900.

Angalia tulichokijumlisha. Hatukujumlisha kasi. Tumejumlisha kasi iliyozidishwa kwa upana wa kipande cha muda. Kasi ni lita kwa dakika, upana ni dakika, na zikizidishwa dakika zinafutana, zinabaki lita. Ukizijumlisha kasi peke yake, 55 na 45 na kuendelea, unapata 180, na namba hiyo haikuambii lolote kuhusu maji yaliyomo tangini.

Intigrali ni kazi hiyohiyo, ila vipande vinafanywa vyembamba, kisha vyembamba zaidi, hadi jumla itulie kwenye thamani moja. Alama ∫ inasema "jumlisha". (60 − 2t) ni urefu wa kila kipande kwenye grafu. Na dt ni upana wake. Kati ya urefu na upana kuna alama ya kuzidisha ambayo haiandikwi, lakini ipo. Ndiyo maana dt ina kipimo chake, dakika, kama vile kasi ilivyo na chake.

Kuna jambo linalofanya kosa la kuiacha lisionekane mapema. Badala ya vipande sita, gawa muda katika vipande 30 vya dakika moja moja. Kasi za katikati zitakuwa 59, 57, 55, zikishuka hivyo hadi 1. Zijumlishe bila kuzidisha kwa chochote: jibu ni 900! Namba imetoka sahihi kwa sababu upana wa kila kipande ulikuwa 1, na kuzidisha kwa 1 hakubadilishi kitu. Sasa gawa kwa nusu dakika. Kasi zipo 60, na jumla yake ni 1,800, mara mbili ya ukweli. Nusu iliyoachwa sasa imeonekana.

Kwa hiyo anayeiacha dt kwa kweli anaweka 1 mahali pake bila kujua. Maadamu upana ni 1, au hakuna anayegusa kigeu, kosa lake linalala. Litaamka siku kigeu kitakapobadilishwa.

Kutoka dakika kwenda sekunde

Kubadili kipimo ndiyo aina nyepesi kuliko zote ya kubadili kigeu, na inafaa kuifanya polepole mara moja. Muda kwa sekunde tuuite s. Dakika moja ina sekunde 60, kwa hiyo t = s/60. Kasi ya pampu, bado ikiwa lita kwa dakika, inakuwa 60 − 2(s/60), yaani 60 − s/30. Hapa karibu kila mtu anafika salama.

Kinachosahaulika ni kwamba upana nao umebadilika. Kipande chenye upana wa sekunde moja ni sehemu moja ya 60 ya dakika. Kwa hiyo dt = ds/60. Na mipaka: muda haukomi tena kwenye 30 bali kwenye 1,800, kwa kuwa dakika 30 ni sekunde 1,800. Kwa ukamilifu:

∫ (60 − s/30) × (1/60) ds, kuanzia s = 0 hadi s = 1,800

Bila ile 1/60, intigrali inatoa 108,000 − 54,000, yaani 54,000. Ukiigawanya kwa 60 unapata 900. Hapo ndipo lilipotoka lile jibu la matangi 54: mtu aliandika ds mahali palipokuwa na dt, kana kwamba sekunde na dakika ni kitu kimoja.

Kuna na kosa pacha. Mwingine atakumbuka 1/60 lakini ataiacha mipaka ya zamani, 0 hadi 30. Yeye atapata lita 29.75. Hiyo namba si upuuzi mtupu. Ni maji ya kweli, yaliyoingia katika sekunde 30 za mwanzo. Amejibu sawasawa swali ambalo hakuulizwa.

Uzuri wa mfano huu ni kwamba vipimo vinakushtaki. Lita kwa dakika mara sekunde haikupi lita. Kwenye daftari la hesabu tupu, ambako x haina kipimo, shahidi huyo hayupo, na dx inabaki kuwa kumbukumbu pekee ya upana.

Mwenye alama alionya mapema

Alama hizi zote mbili zilitoka mikononi mwa mtu mmoja, Gottfried Wilhelm Leibniz, Mjerumani aliyekuwa akiishi Parisi. Katika maandishi yake ya tarehe 29 Oktoba 1675 ndimo alimotumia kwa mara ya kwanza alama ∫, ambayo ni herufi S iliyorefushwa, kutoka neno la Kilatini la jumla. Na katika kurasa hizo za mwanzo hakuiandika dx. Aliweka ∫ kisha kile kinachojumlishwa, basi. Wiki mbili hazijaisha, katika maandishi ya tarehe 11 Novemba mwaka huohuo, dx ilikuwa imeingia kazini.

Mwaka 1686, katika makala aliyoichapisha kwenye jarida la Acta Eruditorum, alifunga kwa tahadhari. Aliwaambia wasomaji wasiiache dx kwa uzembe. Sababu aliyotoa inapita ile ya kuogopa fujo kwenye karatasi. Alisema dx inaweza kuachwa pale tu x inapoongezeka kwa hatua zilizo sawa, na kwamba wengi waliizoea hali hiyo wakajifungia njia ya mbele. Walipoinyima dx uhuru wa kuwa na upana wowote, walipoteza uwezo wa kuligeuza umbo moja la eneo kuwa jingine lenye eneo lilelile.

Kugeuza umbo moja kuwa jingine bila kupoteza eneo ndiyo kazi tunayoifanya leo tunapobadili kigeu ndani ya intigrali. Hoja ya hatua zilizo sawa ndiyo ufunguo wake, na tunaweza kuiona kwa namba chache tu.

Hatua zinapoacha kulingana

Tuchukue intigrali hii, kuanzia x = 0 hadi x = 2:

∫ x(x² + 1)² dx

Mabano yaliyopandishwa kipeo yanachosha, kwa hiyo tunayapa jina moja: u = x² + 1. Sasa tembeza x kwa hatua sawa za nusu nusu: 0, 0.5, 1, 1.5, 2. Wakati huohuo u inakuwa 1, 1.25, 2, 3.25, 5. Upana wa vipande vya x ni 0.5 kila kimoja. Upana wa vipande vya u ni 0.25, kisha 0.75, kisha 1.25, kisha 1.75. Kila hatua ya u ni ndefu kuliko iliyotangulia.

Hapa hakuna tena namba moja kama 60 ya kugawanyia. Kiasi cha kunyooka kinategemea mahali ulipo. Lakini kinafuata sheria, na sheria hiyo ni mteremko wa u, ambao ni 2x. Katikati ya kipande cha kwanza x ni 0.25, mteremko ni 0.5, na 0.5 mara upana wa 0.5 ni 0.25. Katikati ya cha pili x ni 0.75, mteremko ni 1.5, na mara 0.5 inatoa 0.75. Vilivyobaki vinatii vivyo hivyo. Kwa ufupi:

du = 2x dx

Mstari huu unasomeka kama habari: upana wa kipande cha u ni upana wa kipande cha x uliozidishwa kwa mteremko wa mahali hapo. Anayeandika du = dx anasema kwamba 0.5 na 1.75 ni sawa.

Sasa intigrali yetu inajibadilisha yenyewe. Tunayo x dx ndani yake, na kutokana na mstari ule x dx ni nusu ya du. Mipaka 0 na 2 ya x inakuwa 1 na 5 ya u. Tunapata:

½ ∫ u² du, kuanzia u = 1 hadi u = 5

ambayo ni (125 − 1)/6, yaani 62/3, karibu 20.67. Anayetaka uthibitisho afungue mabano ya mwanzo: x⁵ + 2x³ + x. Intigrali yake ni x⁶/6 + x⁴/2 + x²/2, na kwenye x = 2 inatoa 64/6 + 8 + 2. Ni 20.67 ileile.

Linganisha na majibu ya walioteleza. Aliyeisahau nusu, kwa kuwa aliiona x dx kama du nzima, anapata 41.33. Aliyekumbuka nusu lakini akaiacha mipaka ya x ikisimamia u anapata 1.33. Majibu yote matatu yametokana na ∫ u² du. Yanatofautiana kwa sababu ya kilicho pembeni ya u².

Mipaka ina dawa mbili, na unachagua moja. Ama unaibadili iwe ya u mara tu unapobadili kigeu, ukamaliza kazi yote kwenye u, ama unairudisha x mahali pa u kabla ya kuweka namba. Wengi wanaoteleza wamechanganya nusu ya njia hii na nusu ya ile. Kinga rahisi ni kuandika herufi kwenye mpaka wenyewe: u = 1 hadi u = 5, badala ya 1 hadi 5. Mpaka wenye jina hauhamishwi kimakosa.

Vigeu viwili chini ya paa moja

Kosa la hatari zaidi linazuka pale ambapo mbinu haifai lakini mtu anailazimisha. Ondoa ile x ya mbele, ubaki na

∫ (x² + 1)² dx

Inafanana sana na ya kwanza, na mkono unavutwa kuandika tena u = x² + 1. Kutokana na du = 2x dx, anapata dx = du/(2x), jambo ambalo ni kweli maadamu x si sifuri. Anaweka:

∫ u²/(2x) du

Hadi hapa hajadanganya, ila amefika mahali ambapo vigeu viwili vinaishi pamoja. Upana ni wa u, na ndani bado kuna x. Hatua inayofuata ndiyo inayoharibu: anaichukua 1/(2x) kana kwamba ni namba isiyobadilika, anaitoa nje ya alama ya intigrali, anamaliza na u³/(6x), yaani (x² + 1)³/(6x).

Kwa nini hairuhusiwi? Kwa sababu x na u zimefungwa pamoja. Wakati u inatembea kutoka 1 hadi 5, x nayo inatembea kutoka 0 hadi 2. Kila kipande kina 1/(2x) yake. Kuitoa nje ni sawa na kudai kwamba vipande vyote vilinyooshwa kwa kiasi kimoja, na tumeshaona kwamba havikunyooshwa hivyo. Namba kama ½ inaweza kutoka nje ya intigrali kwa sababu ni ileile katika kila kipande. Kitu chochote kilichofungwa na kigeu kinachotembea hakitoki.

Jibu hilo linajifichua lenyewe. Kwenye x = 0 linataka kugawanya kwa sifuri, ilhali intigrali ya mwanzo haina tatizo lolote hapo. Chukua basi kutoka x = 1 hadi x = 2: jibu bandia linatoa karibu 9.08, na jibu la kweli, ambalo ni x⁵/5 + 2x³/3 + x, linatoa karibu 11.87. Kipimo kikubwa zaidi ni kurudi nyuma: tafuta mteremko wa jibu uone kama unakurudisha ulikotoka. Mteremko wa (x² + 1)³/(6x) ni (x² + 1)² kutoa (x² + 1)³/(6x²). Kile kipande cha pili hakikuwepo kwenye swali. Kimezaliwa kwa sababu x ya chini nayo inabadilika.

Kuna njia halali ya kuendelea na u kwa mtu mbishi. Kwa kuwa x hapa si hasi, x ni kipeuo cha pili cha u − 1, na intigrali inakuwa ya u tupu: u² juu, na chini mara mbili ya kipeuo hicho. Ni halali kabisa, lakini ni ngumu kuliko ya mwanzo, na hiyo ni ishara ya kuachana na u na kufungua mabano.

Iangalie dx kabla ya mabano

Zile intigrali mbili zilitofautiana kwa x moja iliyosimama karibu na dx. Ya kwanza ilikuwa na x dx, na hiyo, ukiondoa namba 2, ndiyo du ya x² + 1. Ya pili ilikuwa na dx peke yake. Kwa hiyo anayetaka kujua kama kubadili kigeu kutamsaidia haanzi na mabano yanayotisha. Anachagua u, anaandika du yake pembeni, kisha anaitafuta ndani ya swali, dx ikiwemo. Ikipungua namba tupu, kama 2 au 1/60, anaifidia na kuendelea. Kikipungua kitu chenye x ndani yake, anajua kwamba atabaki na vigeu viwili, na kwamba lazima kila x iandikwe kwa u kabla ya kusogea hatua moja zaidi.

Zaidi ya hapo, dx inaamua hata swali lenyewe ni lipi. Andika ∫ x²y bila kitu mwishoni, na hakuna anayeweza kukujibu. Ukiongeza dx, huku y ikishikiliwa isibadilike, jibu ni x³y/3. Ukiongeza dy, huku x ikishikiliwa, jibu ni x²y²/2. Katika fizikia na uchumi, ambako fomula moja hubeba herufi nne au tano, ni hiyo herufi iliyo baada ya d inayosema ipi inatembea na zipi zimesimama.

Mara unapoiandika alama ∫, basi, andika na upana wake papo hapo, kabla hata ya kujaza kilicho katikati. Unapobadili kigeu, badili vitu vitatu kwa pamoja, kwenye mstari mmoja: kilicho ndani, upana, na mipaka. Mstari unaofuata ukiwa na x na u kwa wakati mmoja, huo si mstari wa kuanza kukokotoa. Bado una kazi ya kubadilisha.